Andalio la Kesho

Mwalimu wa taaluma alitaka kila mmoja wetu amkabidhi maandalio ya somo ya muhula mzima, maana wathibiti ubora wa shule walikuwa wanakuja. Ilikuwa Januari. Nilimpa azimio la kazi na andalio moja tu la Hisabati, la kesho yake.

"Mengine yako wapi, mwalimu?"

"Siku zake hazijafika."

Alicheka. Mimi sikucheka. La muhula mzima ni azimio: humo nilipanga sehemu, kisha desimali, ndipo asilimia, kwa sababu asiyeijua sehemu ya mia utamweleza nini kuhusu asilimia? Wiki ambazo mpunga unakomaa niliweka marudio, kwa kuwa huku Mkula nusu ya darasa huwa shambani ikifukuza ndege. Hayo yanapangika mapema. Lakini andalio ni la kipindi kimoja, na siliandiki kabla sijaona jana tuliishia wapi na nani amebaki nyuma.

"Wewe jaza tu," akasema. "Pa waliohudhuria weka wote. Pa tathmini weka 'wameelewa.'"

Nikamsukumia kalamu.

"Jaza wewe, utie na sahihi yako. Hata sehemu sijawafundisha, niandike leo kwamba Mei wameelewa asilimia?"

Aliiacha kalamu mezani akaondoka. Kesho yake, baada ya kipindi, niliishika hiyohiyo nikajaza tathmini: hawajaelewa, narudia.