Kiti cha Flavian Kwenye Safu ya Pili

Dada yangu Justa ana kazi ambayo watu huidharau mpaka siku inapowagusa: anawakalisha wakubwa. Yuko itifaki mkoani hapa Sumbawanga. Akikuweka safu ya kwanza, unajiona mtu. Akikuweka nyuma ya nguzo, unarudi nyumbani ukiwa umenuna na unamsema vibaya mwezi mzima. Nimeona watu wazima, wenye wajukuu, wakimbembeleza kwa ajili ya kiti kama watoto wanaogombea maandazi.

Mimi ni mdogo wake. Sitajifanya sina upande katika habari hii. Flavian ninamchukia, na nilimchukia kabla Justa hajaanza kazi.

Baba yetu, Wilibrodi, alikuwa mkulima wa ulezi na mahindi karibu na Laela. Kijiji kilipotaka kujenga zahanati, yeye ndiye aliyetoa shamba lake la kando ya barabara, bure. Siku ya ufunguzi akapewa kadi ya mwaliko na kiti mbele, kina jina lake. Akavaa koti lake la harusi. Flavian wakati huo alikuwa diwani, na alikuwa na rafiki yake, mnunuzi wa mahindi, aliyekuja bila mwaliko. Flavian akamsogelea baba mbele za watu, akabandua karatasi ya jina, akamwambia, "Mzee, pisha watu wakae." Baba akapisha. Alisimama juani sherehe nzima, koti mwilini, na mkuu wa wilaya alipowashukuru wote waliojitolea, hakuna aliyegeuka kumtazama. Aliishi miaka mingine minne. Kwenye mkutano wa hadhara hakukanyaga tena, hata wa shule yetu.

Mama alituambia tumwachie Mungu. Justa alimwachia Mungu kwa mdomo tu. Alisoma, akaajiriwa, akaomba kuhamia itifaki, na nilipomuuliza kwa nini, akajibu, "Siku moja atakuja kukaa." Basi.

Siku hiyo ilikuja mwaka jana, ufunguzi wa ghala kubwa la nafaka. Mgeni rasmi alikuwa waziri, akitokea Tunduma kwa barabara. Flavian sasa ni tajiri wa mahindi, anataka ubunge, na alitaka waziri amwone kwa macho yake. Alipiga simu mpaka akapata kadi nyekundu. Kadi nyeupe ni za wananchi walioalikwa, hema la pembeni. Bluu ni za wakuu wa idara na taasisi. Nyekundu ni za jukwaa kuu, na jina lake likabandikwa safu ya pili, nyuma kidogo tu ya kiti cha waziri, mahali ambapo kamera haiwezi kukukosa. Justa alilibandika mwenyewe. Aliliminya kwa kidole gumba, akanikonyeza.

Sasa, kila kadi imeandikwa saa ya kuketi. Watu wa kadi nyeupe huingia kwanza, wafuate wa bluu, halafu nyekundu, kisha viongozi wa dini na wakuu wa wilaya, na mkuu wa mkoa hufika mapema ili ampokee mgeni. Mgeni rasmi ni wa mwisho. Akishaingia, hakuna anayeingia nyuma yake. Hayo yote yanajulikana. Lakini wakubwa wetu hawafuati kadi. Kwao kufika mapema ni kujishusha. Wanampigia simu mtu wa itifaki, "Msafara uko wapi?", wanangoja, halafu wanatokea dakika chache kabla ya ving'ora, ili watu wakisimama kumpokea mgeni, nao waone kama ni wao wanaopokewa.

Flavian alipiga akiwa dukani kwake Mazwi, hapa hapa mjini, anakunywa chai. Mimi nilikuwa kando ya Justa, nimekuja kumsaidia mama kupata kiti kwenye hema la kadi nyeupe, maana alialikwa na akina mama wa parokia.

"Binti, msafara uko wapi?"

"Shikamoo mzee. Kadi yako inasema saa tatu, na saa tatu imeshapita."

Akacheka. "Hayo ya kadi waambie walimu. Msafara?"

"Wanatarajiwa kusimama Laela, wasalimie wananchi."

"Basi bado sana. Wakitoka Laela nipigie."

"Sawa mzee."

Kufikia hapo Justa alikuwa amesema kweli. Muda mfupi baadaye ujumbe ukaingia kutoka kwa Meshack, mwenzake wa itifaki aliyekuwa ndani ya msafara: waziri ana haraka, wamepita Laela bila kusimama. Justa akausoma, akawajulisha mkuu wa mkoa, askari, bendi, hata wapishi. Akaweka simu mfukoni.

"Na Flavian?" nikamuuliza.

"Flavian yupi?"

Nilisikia raha ambayo padri hatakiwi kuisikia kwenye maungamo.

Ikabaki kazi ya mwisho. Mgeni rasmi hakaribishwi kwenye jukwaa lenye mapengo. Viti vitupu vya mbele hujazwa dakika za mwisho kwa watu wanaotolewa hema la pembeni, na aliyechelewa hana cha kudai. Justa akapita safu ya pili, akaona viti viwili vitupu. Kimoja akampa mwalimu mkuu mstaafu. Kwenye cha pili akabandua jina, akalikunja, akashuka mpaka hema la pembeni, akamshika mama mkono.

"Mama, twende huku."

"Huko kwa wakubwa? Justa, utafukuzwa kazi."

"Twende, mama."

Mama akakaa kwenye ncha ya kiti, mgongo wima, mikono juu ya kitenge, kama anayengoja kuitwa na daktari.

Ving'ora vikasikika. Flavian naye akavisikia, huko Mazwi, na trafiki walikuwa wameshafunga barabara. Aliacha gari akaja kwa miguu, tajiri mzima, suti ya bluu, vumbi mpaka magotini. Alifika getini wimbo wa taifa unapigwa. Askari akanyoosha mkono, naye ikabidi asimame hapohapo, wima, jasho linamtiririka, anaangalia mgongo wa waziri.

Wimbo ulipokwisha akamfuata Justa, anapunga kadi nyekundu. "Kiti changu kiko wapi?"

"Kimekaliwa, mzee. Mgeni ameshaingia. Hema la pembeni limejaa, lakini kule kando unaweza kusimama."

"Unajua mimi ni nani?"

"Najua sana," Justa akasema. "Mimi ni mtoto wa Wilibrodi wa zahanati."

Nilimtazama usoni. Nilitaka nione kama anakumbuka, na alikumbuka. Kadi aliyokuwa anaipunga akaishusha. Akaenda kusimama juani, karibu na jenereta, na pale akabaki mpaka waziri alipokata utepe na kuondoka bila kumwona. Usiniulize kama nilimwonea huruma. Nilikuwa namhesabia kila tone la jasho.

Jioni, nyumbani, mama alikuwa anavua viatu. Alilalamika kiuno kinamuuma kwa kukaa wima vile, akiogopa kuchafua kiti cha watu. Justa akaona amwambie. Akamweleza kiti kilikuwa cha nani, na mwenye kiti alikuwa amesimama wapi wakati huo.

Mama akakiweka kiatu chini. Sisi tukajiandaa kwa mahubiri: kusamehe, kumwachia Mungu, yote tuliyolelewa nayo. Justa akainamisha kichwa kabisa.

"Justa," mama akasema, "mbona hukuniambia palepale? Ningeegemea."