Siku Tisini Nilizomfundisha Kuuza Mbegu

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "mfanyakazi mpya atazoea tu," damu inanichemka. Atazoea nini? Mimi nilipoanza kuuza mbegu hapa Tunduma nilipewa katalogi, pikipiki, na neno hilohilo. Miezi minne nikawa nababaisha wenye maduka. Nikiulizwa swali nacheka kwanza, halafu nakisia. Kwa hiyo siku nilipokabidhiwa wauzaji wa mkoa mzima niliapa kwamba kwangu hatazoea mtu. Atafundishwa.

Nikakaa nikaandika mpango wa siku tisini. Thelathini za kwanza mgeni hauzi hata pakiti moja, anajifunza mbegu na maduka, anatembea nyuma yangu na daftari. Thelathini za pili anauza yeye, mimi nimenyamaza pembeni, tukitoka dukani namwambia palipoharibika. Za mwisho anapewa njia yake aende peke yake, Ijumaa tunakaa kuipitia wiki. Na kila lengo lilikuwa na kipimo chake. Sikuandika "azifahamu bidhaa", maana hilo hata mlinzi wa getini atakwambia anazifahamu. Niliandika: ifikapo siku ya thelathini, akitajiwa kijiji chochote cha mkoa huu, aseme mbegu gani ya mahindi inafaa huko na kwa nini, bila kufungua katalogi. Meneja wetu, aliyeletwa kutoka makao makuu, alisaini kila ukurasa. Akaniambia, "Mama, hii safi sana." Mh! Sidhani hata kama aliusoma.

Mgeni mwenyewe alianza mwanzoni mwa Septemba. Mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, wa familia ya wakulima wa kahawa huko Mbozi, aliyewahi kuwa na kiduka cha pembejeo Chapwa kikamfia. Ana watoto wawili na hiyo ajira ndiyo ilikuwa ya kuwashika. Akivuka siku tisini anathibitishwa, asipovuka anarudi nyumbani. Yeye alijua, mimi nilijua.

Jamani, yule dada alikuwa anauliza! Kwa nini hii inakomaa mapema, kwa nini ile inachelewa, kwa nini muuzaji wa Kizambia anataka pakiti ndogo. Alijifunza kuwasalimia Wazambia hao kwa Kibemba chao, "mulishani", yaani habari zenu, mpaka wakawa wanamsubiri yeye. Jaribio la wiki ya pili alifeli vibaya, alichanganya mbegu ya juu milimani na ya bondeni. Nikamfokea, maana mimi mdomo sina breki. Nilipoanza kumpa majibu akaninyooshea kiganja. "Dada, usinijibu. Niulize tena kesho."

Siku ya thelathini nilimsimamisha stoo, nikafunga katalogi. Nikamtajia vijiji vya baridi vya Mbozi, akajibu. Nikamtajia Mbangala, akajibu. Nikamtajia Chitete na kushuka bondeni.

"Ya kukomaa mapema," akasema. "Huko joto kali na mvua inawahi kukata. Hii ya muda mrefu utamkuta mkulima imemkaukia kabla haijajaza gunzi."

Nikasaini: lengo limefikiwa. Nilitembea nimevimba kichwa wiki nzima.

Siku ya arobaini na mbili meneja akanipigia. Stoo ilikuwa imejaa ile ya muda mrefu, mzigo aliouagiza yeye mwenyewe kupita kiasi, na ya mapema ilikuwa karibu kwisha. Anataka gari liende Chitete likaushushe huko, na aende yule mgeni, peke yake, kwa sababu mimi nilikuwa na mkutano wa mawakala Mbozi. Nikamwambia kwenda peke yake ni mpaka siku ya sitini na moja, na hiyo mbegu siyo ya kule.

"Mama, mpango ni karatasi tu. Msimu haungoji."

Nilibishana naye mpaka simu ikachemka sikioni. Gari likaondoka.

Likarudi jioni na mzigo wote, hata katoni moja haikufunguliwa. Meneja alikuwa anangoja stoo, na mimi nilikuwa nimeshafika. Mgeni akamkabidhi kitabu cha oda. Maduka saba ya Chitete yalikuwa yameagiza ile ya mapema, idadi imeandikwa, simu zimeandikwa, kazi safi kabisa.

"Hii ya kwenye gari je?"

"Niliwaambia haifai kwao, bosi."

"Umetumwa kuuza au kuhubiri?"

"Ndivyo nilivyofundishwa," akasema, akanitazama.

Basi mimi nikalipuka. Nilimwambia meneja maneno ambayo wapakiaji waliyasikia wakaacha kubeba. Nilimwuliza, mahindi yakikauka, mwenye duka atamlaumu nani? Mwakani nani atampokea mtu wetu kule? Akanijibu kwamba mwakani ni mwakani. Na zile oda saba, unajua zilikwenda wapi? Hazikwenda popote. Mbegu ya mapema haikuagizwa tena. Tukawaacha watu wa Chitete wanapiga simu, na aliyekuwa akizipokea na kuomba radhi ni yuleyule mgeni.

Siku ya sitini alifaulu tena. Alipewa njia yake, akaenda maduka yote, taarifa za ziara zikaja kwa wakati, kila Ijumaa amekaa mbele yangu na daftari. Nikawa nimetulia. Mjinga mimi!

Siku ya tisini, mapema Desemba, tulikaa ofisini watatu, mimi, mgeni na meneja. Nje malori ya mpakani yamejipanga, honi juu ya honi. Nilikuwa nimeshajaza malengo yote, yote yamefikiwa. Meneja hakuyaangalia. Akachomoa karatasi nyingine, ina mstari mmoja tu: mauzo ya mbegu ya muda mrefu. Akanisogezea fomu. "Andika hafai kuthibitishwa. Saini."

"Hilo halikuwa lengo lake!" nikasema. "Lengo lake ulilisaini wewe. Unampima mtu kwa kitu ambacho hukumwambia? Aibu!"

Akasubiri nimalize. Kisha akasema taratibu, mbele ya yule dada, kwamba kama msimamizi na mfanyakazi wake wote wawili hawauelewi mwelekeo wa kampuni, anaweza kuomba nafasi mbili zijazwe.

Mimi nina wanangu watatu shuleni, na mama yangu mgonjwa yuko chumba cha pili. Nimejieleza hivyo mara nyingi, na kila nikijieleza najikasirikia zaidi. Mdomo wangu usio na breki ulikwama. Nikaandika alichotaka. Nikasaini.

Chini ya fomu pana nafasi ya mfanyakazi kutoa maoni yake. Watu huiacha wazi. Yeye aliomba kalamu, nikampa ileile yangu, akaandika taratibu kwa mwandiko wake wa duara, akaigeuza fomu niione:

*Kila nilichotakiwa kujifunza nilijifunza. Msimamizi wangu anajua.*

Meneja akapiga muhuri bila kusoma. Yule dada akakusanya daftari zake, zote tatu, akasimama. Nilitaka anitukane. Nilikuwa tayari, ningeyapokea yote, pengine ningepata hata nafuu.

"Asante kwa kunifundisha, dada," akasema, na alimaanisha.

Akatoka. Nilikuwa na hasira za kubomoa ile ofisi, na saini kwenye fomu ilikuwa yangu.