Kaburi la Kumi na Tisa

Darubini ya kupimia ilikuwa imepelekwa Mombasa kutengenezwa, na hakuna aliyejua itarudi lini. Ofisini kwetu Kwale kilichobaki ni utepe wa kitambaa wa futi mia moja, fito tatu za kulengea zilizopakwa rangi nyekundu na nyeupe, na kifurushi cha vigingi. Bwana mpima akaniambia vinatosha. Kazi yenyewe ni ndogo, alisema: makaburi ya ukoo mmoja huko Diani, mahali ambapo mzungu mmoja alikuwa ananunua kiwanja cha kujenga nyumba za wageni. Alikwisha kukubali kuyaacha makaburi, ila alitaka ramani ionyeshe yanaishia wapi, na ramani hiyo iende Mombasa na lori la Jumamosi.

Mimi nilikuwa karani wa kitabu cha vipimo. Mwenzangu alikuwa mshika utepe, mtu mzima aliyeifanya kazi hiyo tangu mimi sijaingia chuoni. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na sote wawili tulikuwa tumefunga. Tuliteremka na lori alfajiri mpaka Ukunda, tukamalizia kwa miguu, fito begani.

Pale tulimkuta mama mmoja anatungoja, leso yake ameifunga kiunoni kama mtu aliyekuja kulima. Ukoo ulikuwa umemtuma yeye, kwa sababu ndiye aliyemjua kila mtu aliyelala pale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtaanza na nani?"

Nilimweleza kwamba hatuanzi na mtu, tunaanza na mstari. Upande wa magharibi wa makaburi kulikuwa na njia ya zamani ya mkokoteni, imenyooka na haina vichaka. Tukapiga kigingi kusini yake na kingine kaskazini, tukasimamisha fito katikati mpaka zote tatu zikawa moja machoni, kisha tukaipima njia kuanzia kigingi cha kusini: futi mia moja na themanini. Huo ndio ukawa mstari wetu wa msingi, na kila kitu kilipimwa kutoka hapo. Penye futi mia moja na hamsini tukapiga kigingi cha mpaka. Hayo ndiyo ukoo na mzungu waliyokuwa wamepatana ofisini: kutoka kigingi hicho mpaka ukate moja kwa moja kuelekea baharini, na cha kaskazini yake kiwe cha mzungu.

Makaburi kumi na manane hayakutusumbua. Mwenzangu alishika mwanzo wa utepe juu ya kaburi, mimi nikauvuta mpaka njiani na kuupeleka huku na huku juu ya mstari. Penye namba ndogo kuliko zote ndipo utepe unapokutana na mstari sawasawa, kama pembe ya mlango. Nikaandika kitabuni futi ngapi kwenye mstari, na futi ngapi pembeni. Jua lilikuwa limepanda. Midomo ilitukauka, na mwenzangu alikuwa akijishika mgongo kila akiinuka.

Kaburi la kumi na tisa lilikuwa peke yake, mbali, nyuma ya kichaka cha miiba. Lilikuwa fupi, na mawe yake mawili ya matumbawe yalizama mchangani.

"Huyu ni wangu," alisema yule mama. "Alikuwa na miaka miwili."

Kichaka kilikataa utepe usiende huku na huku. Kulikuwa na njia nyingine, nami niliijua, lakini ilitaka panga na ilitaka saa nzima. Nikasimama njiani, nikakadiria kwa jicho panapoonekana sawa, nikasoma: futi mia moja na hamsini na mbili kwenye mstari, hamsini na nane na inchi mbili pembeni. Nami nikasema kwa sauti, bila kufikiri nasema mbele ya nani, "Hili liko nje."

"Nje ya wapi?"

"Nje ya mpaka, mama. Futi mbili."

Hakulia. Alinitazama kama mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza. "Nilimzika hapa kwa bibi yake, awe karibu naye. Bibi yake yuko ndani. Hebu pima basi, uone walivyo karibu."

Nilipima ili kumtuliza tu. Kutoka kaburi la bibi mpaka la mtoto ni futi ishirini na nne na inchi tisa. Nikaziandika pembezoni mwa ukurasa, tukafunga mizigo.

Kesho yake mchana nilikaa mezani Kwale nikichora. Makaburi yaliingia karatasini moja baada ya jingine. Nilipofikia la mwisho nikaona ile namba ya pembezoni, nikaweka rula kati ya makaburi mawili. Karatasini yalikuwa yameachana kwa futi ishirini na nane na nusu. Nikapima tena. Ishirini na nane na nusu. Futi karibu nne hazipotei hivihivi.

Nilimpelekea bwana mpima ramani. Aliitupia jicho. "Kaburi moja," akasema. "Lori ni kesho kutwa."

"Kesho nitarudi na ramani imesahihishwa."

"Kwa saumu yako?"

Kusema kweli nilitamani anikatalie. Hakukataa.

Kwa hivyo tuliteremka tena, mimi na mwenzangu, na safari hii tulichukua panga. Njiani nilimwambia nadhani utepe haukuwa sawa.

"Haukuwa sawa," alisema. "Niliuona umelala upande."

"Mbona hukusema?"

"Mwenye kitabu ni wewe, karani. Na mimi nilitaka kwenda nyumbani."

Tulikata miiba mpaka adhuhuri. Tulifungua vichochoro viwili kutoka kaburini mpaka njiani, kimoja mpaka penye futi mia moja na kumi, tukapiga kigingi hapo, cha pili mpaka kigingi cha mwisho cha kaskazini. Ukiwa na umbali kutoka sehemu mbili unazozijua, huhitaji jicho la mtu. Cha kwanza kilikuwa futi sitini na nane na inchi kumi, cha pili sitini na sita na inchi tisa. Nilikaa chini mchangani, nikatandaza ramani juu ya ubao, nikapiga duara mbili kwa bikari. Zilipokatana nikashusha mstari mpaka njiani: mia moja na arubaini na saba. Nikapima karatasini mpaka kwa bibi. Futi ishirini na nne na inchi tisa, kama kitabu kilivyosema.

Yule mama alikuwa amefika, amesimama nyuma yangu.

"Mama, yumo ndani. Futi tatu ndani. Mimi ndiye niliyekosea juzi. Niwie radhi."

"Una hakika leo?"

"Nina hakika."

"Juzi pia ulikuwa na hakika."

Nikampa ncha ya utepe aishike mwenyewe juu ya jiwe, nikaenda kusimama penye kigingi cha kwanza, kisha cha pili, nikimsomea kwa sauti. Alisikiliza namba zote mbili mpaka mwisho. Kisha akaachia utepe, akapangusa mchanga juu ya yale mawe kwa kiganja, akasema, "Haya. Mungu akuwie radhi," akaenda zake.

Ramani ilikwenda Jumamosi, na baada ya miezi kadhaa ilirudi ina muhuri. Lakini siku ile ya kukata miiba sikuwa na furaha ya kazi iliyokaa sawa. Miguu iliniwaka, mikono ilijaa miiba, na mpaka Ukunda ni mwendo. Mwenzangu alipanda lori, akalaza kichwa juu ya gunia la nazi na kusinzia kabla halijaondoka, nami nilizishika fito zake njia nzima zisije zikaanguka.