Juni ya Slaidi ya Kwanza

Kazini walimwita Chujio, naye jina hilo alilipokea kwa kicheko. Kwa miaka chungu nzima hakuna ripoti iliyotoka pale hospitalini kabla hajaipitia yeye, karani wa takwimu, akiwinda tarakimu zinazogombana. Madaktari walimtania kwamba hata kadi ya harusi angeirudisha na masahihisho.

Safari hii hakukuwa na utani. Mchana bodi ingekaa kuangalia slaidi za wodi ya wazazi, na Chujio alikuwa amezikodolea macho tangu asubuhi. Aliandika kama kawaida yake:

Slaidi ya 4: waliojifungua 702, Januari–Juni. Slaidi ya 9: 584, grafu imeishia Mei. Iongezwe Juni.

Slaidi ya 5 "akina mama", ya 10 "wagonjwa". Litumike moja: akina mama.

Slaidi ya 7: vifo 3. Slaidi ya 12: vifo 4. Iwe 4 kote.

Hapo akaacha kuandika. Wa nne alikuwa binti yake. Alifariki Juni, usiku, wodini humo humo, akimsubiri daktari wa upasuaji ambaye hakuwepo zamu, akaacha kichanga ambacho sasa kinalelewa na bibi yake, mke wa Chujio.

Orodha akaipeleka mwenyewe kwa mganga mkuu.

"Daktari, nakuomba, hiyo ya mwisho usiiache. Bodi wakiona wanne watauliza kulikoni. Huenda wakatuletea daktari wa usiku."

Mganga mkuu alisoma bila kumtazama usoni. "Pole sana, mzee wangu. Niachie, nitazilinganisha."

Alipokuwa akirudi mezani kwake simu ikaita. Mkewe. Nyuma yake mtoto alikuwa akilia kwa sauti ya kukauka.

"Baba, hanyamazi huyu. Na maziwa ya kopo yameisha."

"Nakuja, mama. Nimalize hili tu."

Slaidi zikarudi na ujumbe mfupi: azihakiki mara ya mwisho. Akafungua. 584 na 584. Akina mama na akina mama. Vifo 3 na 3. Kila ukurasa wa takwimu sasa uliishia Mei. Juni nzima walikuwa wameikata. Alizipitia tena, na tena, akitafuta kosa kwa uchungu, asilipate. Zilikuwa sahihi, na mwanawe hakuwemo. Chujio akalia pale pale mezani, wenzake wakimwona.

Alipojifuta macho ndipo akaiona slaidi ya kwanza, ile ya jalada, ambayo hawakuigusa: "Wodi ya Wazazi, Januari–Juni." Vidole vikaanza vyenyewe kuandika: Slaidi ya 1, Juni iwe Mei. Akavizuia. Labda kwenye meza ya bodi angekuwepo hata mtu mmoja wa kuuliza Juni imekwenda wapi.

Akafuta alichoandika. "Hakuna marekebisho," akajibu, kisha akatoka kwenda kununua maziwa.