Moshi Uliobaki Vyumbani

Habari ilimkuta Mkunga mikono imo ndani ya glavu, kichwa cha mtoto wa watu kimeshatoka na mabega bado. Mhudumu wa wodi alisimama mlangoni akitweta. Mkunga akamtupia jicho moja la "subiri". Mtoto alipolia, kitovu kilipokatwa na mama mtu alipofunikwa vizuri, ndipo mhudumu akasema.

"Sista, kwako kunaungua."

"Nani anaugua?"

"Siyo kuugua, Sista. Nyumba. Nyumba yako inawaka moto."

Akavua glavu taratibu, moja baada ya nyingine, akanawa mikono hadi kwenye viwiko kama alivyofundishwa. Baadaye alijishangaa mno kwa kunawa kule.

Alipofika, zimamoto walikuwa wanakunja mipira yao ya maji. Mumewe, mwalimu wa hesabu ambaye wanafunzi walimpa jina la Desimali naye akalizoea, alisimama barabarani na chaki mkononi. Hakuna aliyekuwa ndani. Hilo aliambiwa na watu kumi kwa mpigo. Jiko lilikuwa limekwisha. Sebule ilikuwa nusu. Paa upande wa nyuma lilikuwa limebonyea. Lakini milango ya vyumba vya kulala ilisimama mizima, na Mkunga akajiambia, afadhali, vyumba vimepona.

Akafungua chumba chao, akaganda. Hapakuwa na kitu kilichoungua, na hapakuwa na kitu kilichopona. Ukuta, neti, shuka, kioo, vyote vilikuwa vyeusi, vyeusi vya mafuta, na masizi yananing'inia kwenye pembe za dari kama nyuzi. Akavuta droo iliyokuwa imefungwa. Masizi yalikuwa yametangulia humo pia, yamekaa juu ya nguo zilizokunjwa.

"Yaliingiaje?" akauliza. "Droo ilikuwa imefungwa."

"Moshi haupigi hodi, mama," alijibu ofisa wa zimamoto. "Msiwashe umeme, msile chochote kilichokuwa humu, na dawa zote mtupe, hata zilizo kwenye chupa. Moto umeanzia nyuma ya friji, kwenye soketi. Nitaandika hivyo kwenye ripoti yangu. Na vitu vilivyoungua msiviguse hadi watu wa bima wafike."

Mkunga aliitikia kwa kichwa. Baadaye Desimali alipomuuliza ofisa alisema nini, hakukumbuka hata neno moja.

Walilala kwa wifi yake, dada mkubwa wa Desimali, mwanamke mwepesi wa kazi na mwepesi zaidi wa kusaidia. Asubuhi, wakati Mkunga na mumewe wamekwenda kutoa taarifa ofisi ya bima, wifi alikusanya majirani, ndoo na sabuni, akavamia nyumba. Waliporudi walimkuta jasho linamtiririka, uso unang'aa kwa furaha.

"Wifi yangu, wewe pumzika tu! Uchafu wote tumeshautoa. Hata lile lifriji bovu, muuza chuma chakavu kalibeba bure kabisa."

Desimali alishika kichwa; ofisi ya bima ilikuwa imetoka kuwaonya wasiguse kitu. Mkunga alikuwa anatazama ukuta wa chumbani. Maji yalikuwa yameyeyusha masizi na kuyapeleka ndani ya plasta. Ukuta mzima umekuwa na michirizi ya kahawia, kama umelia. Alitaka kusema asante. Badala yake akatoka uani, akakaa chini, akaanza kung'arisha kijiko kimoja kwa upindo wa gauni lake. Alikisugua mpaka wifi akaja kukichukua mkononi mwake, na wifi mwenyewe akaanza kulia.

"Nimeharibu, eti?"

"Sijui," Mkunga alisema. "Sijui chochote, wifi."

Mkadiria hasara wa bima alifika kesho yake, kijana mpole mwenye viatu visivyofaa kwa kazi hiyo. Alipiga picha, akapima, kisha akauliza swali walilokuwa wakiliogopa.

"Friji iko wapi?"

Ikabidi wamfuate muuza chuma. Uwanja wake ulijaa mabati, rimu za baiskeli na matumbo ya mashine. Katikati ilisimama friji yao, mlango umekunjamana, na kwenye kona ya chini ambayo moto haukuifikia kulikuwa bado na kibandiko cha kipepeo, alichokibandika binti yao kabla hajaenda chuo. Mkunga alikigusa kwa kidole. Siku zote hizo hakuwa ametoa chozi. Sasa alilia kwa sauti mbele ya wanaume watatu na mbwa, naye muuza chuma, kwa kukosa la kufanya, akamletea kiti cha gari kisicho na gari.

"Mota nimeshaiuza," alikiri. "Lakini waya huu hapa, na plagi yake."

Mkadiria akachuchumaa, akaipiga picha plagi iliyoyeyuka. "Hii na ripoti ya zimamoto vinatosha," alisema. "Ila isitoke hapa mpaka niseme."

"Nitailalia," alisema muuza chuma.

Karatasi zao zilikuwa kwenye kabati la sebuleni: vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, leseni ya ukunga, hati ya nyumba. Kabati lilikuwa jivu. Polisi waliwaandikia taarifa ya upotevu, nayo ikawa ndiyo mlango wa kila ofisi. Hata hivyo, kwenye ofisi ya vitambulisho karani hakuinua macho.

"Kitambulisho chako, mama."

"Ndicho nilichokuja kutafuta."

"Sasa nitajuaje kuwa wewe ni wewe?"

Mkunga akasukuma taarifa ya polisi mezani. Desimali akadakia, "Mimi nimeishi naye miaka yote hii, na mara nyingine nina wasiwasi huohuo." Karani akacheka, akachukua alama za vidole, na mashine ikamtambua. Nakala za vyeti vyake zilipatikana kwenye faili lake la kazi hospitalini. Hati ya nyumba ilikuwa na nakala kwenye masijala ya ardhi. Hiyo ilitaka kiapo, tangazo na subira.

Bima ilikubali kutengeneza nyumba. Kwa vyombo walipunguza malipo kwa sababu ya uchakavu, na Desimali alibishana juu ya makochi hadi mkadiria mwenyewe akamwonea huruma, lakini kanuni ilibaki kanuni. Wasafishaji wenye ujuzi walikuja na sponji kavu na mashine za kunyonya vumbi. Magodoro yalitupwa. Ukuta aliouosha wifi ulipakwa kwanza rangi ya kuzuia madoa yasichomoze tena, na fundi umeme akabadilisha nyaya zote.

Kazini, siku moja mtu aliunguza mkate kwenye chumba cha chai. Mkunga alijikuta ameshafika getini, glavu mikononi. Msimamizi wake hakumgombeza. Alimpeleka kwa mshauri nasaha wa hospitali, na Mkunga, aliyezoea kuwaambia wengine "vuta pumzi, mama, taratibu", akakaa kwenye kiti cha mgonjwa na kuambiwa vilevile. Mwanzo aliona haya. Akarudi tena, na tena.

Walihamia nyumbani mvua zilipoanza. Unyevu ulipopanda, harufu ilitoka mahali fulani ndani ya kuta, hafifu, ikazunguka vyumba. Usiku Mkunga aliamka, akagusa soketi zote kwa kiganja, moja moja; zilikuwa baridi. Desimali alikuwa macho kitandani.

"Vipi?"

"Ni moshi uleule wa zamani," alisema Mkunga.

"Nifungue dirisha?"

"Fungua."

Akafungua, na wakasikiliza mvua hadi usingizi ukawapitia.