Barua Iliyoshuka Kisimani

Habari aliletewa na mtu aliyekuja kupimisha tende. Yidir alikuwa amesimama kwenye mizani ya ushirika wa wakulima pale Erfoud, kazi aliyoifanya tangu bega lake la kushoto lilipokataa kazi nyingine yoyote. Mtu huyo alitokea kijijini kwao, upande wa Jorf. Alishusha gunia, akajifuta jasho kwa ncha ya kilemba.

"Hongera, bwana. Mdogo wako amekuwa mwanamume. Anateremka kisimani kama mjusi."

"Mdogo wangu yupi?"

"Unao wangapi? Addi. Yuko na mjomba wako Bassou kwenye ile khettara ya juu, wanaizibua. Ina maana hukujua?"

Yidir alisema anajua. Alisoma uzito, akauandika, akamwita anayefuata. Mkono wake ulifanya kazi vizuri tu, lakini kichwani alikuwa akizisoma upya barua zote za Addi, moja baada ya nyingine. Ya mwisho ilikuwa imefika juzi tu. Ilisema mwalimu wa hesabu amewasifu, supu ya dengu ya bweni la shule kule Rashidia ni maji matupu, na usiku kuna baridi.

Kwao mtu hahitaji kuelezwa khettara ni nini. Ni mfereji unaopita chini ya ardhi, kutoka mlimani mpaka kwenye mitende, na juu yake kuna safu ya visima ambavyo watu hushukia kwenda kuusafisha. Baba yao alivishuka maisha yake yote mpaka kifua kikamshinda. Siku alipozikwa, Yidir alikuwa shule ya sekondari, na Addi alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mtu mmoja ilibidi aingie kisimani ili kijiji kisiwanyime zamu ya maji. Yidir alifunga vitabu, akaingia yeye. Mama yake na mjomba wake Bassou walimwahidi, mikono yao juu ya mkate, kwamba Addi hatatia mguu humo. Addi atasoma mpaka mwisho.

Ahadi hiyo ndiyo iliyomshikilia Yidir miaka yote. Hakuoa mapema, hakwenda ng'ambo na wenzake, wala hakulalamika jiwe lilipomvunja mtulinga, mfupa wa bega.

Ijumaa alipanda lori akaenda kijijini. Alimkuta mama yake, Tuda, amekaa chini anakung'uta unga wa kuskusi kwenye sinia. Mama alimtazama usoni, akajua.

"Kaa, ule kwanza."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu baada ya mfungo."

"Na barua?"

Mama aliendelea kukung'uta. "Anaziandikia hapa. Dereva wa lori anazitia posta Rashidia, ili muhuri uwe wa huko."

"Nani mwingine alijua?"

"Yidir, mwanangu, usiniulize kama askari."

"Nani?"

"Sote," mama akasema. "Mtoto alikataa shule mwenyewe. Mjomba wako alipungukiwa na mtu. Tulisema tukikwambia utaumia."

"Kwa hiyo mkanificha nisiumie."

"Ndiyo," akajibu mama, na ilionekana wazi kwamba aliamini anachosema.

Addi hakuwepo. Kikosi cha wachimbaji kilikuwa kimepiga hema juu kabisa, mwendo wa siku nzima kwa punda, na Yidir alitakiwa kazini kesho yake. Aliondoka bila kula. Mama alimfuata mpaka mlangoni na mkate ndani ya kitambaa, na yeye akaupokea kwa sababu hakujua namna ya kuukataa.

Kesho yake adhuhuri, wenzake walipokwenda kusali, alikaa kwenye benchi la mizani akaanza barua. Alianza na neno "mwongo." Akaichana. Ya pili aliianza na jina la baba yao, akaichana pia. Alijua kijana wa umri ule akisomewa mashtaka hukunja karatasi akaitia mfukoni. Tena kulikuwa na jambo moja ambalo lingeweza kumuua Addi kabla hasira ya kaka yake haijamfikia, na jambo hilo hakuna mtu kule juu angemwambia.

Wachimbaji wa kwao wana miito miwili. Jiwe kubwa likichomoka ukingoni, anayezungusha kamba juu hupiga kelele, "Ukuta!" na aliye chini hujibana ukutani papo hapo. Likichomoka dogo, husema, "Mvua," kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetoa habari. Aliye chini humaliza pigo lake la jembe, au hujaza kapu lake, ndipo anasogea. Wote wanaamini jiwe dogo huja taratibu. Wamelirithi hilo kwa baba zao, na baba zao kwa babu zao.

Siku ile alipovunjika, Yidir alikuwa chini mjomba Bassou aliposema, "Mvua." Alibakiza koleo moja kapu lijae. Jiwe lililomvunja lilikuwa sawa na yai. Mjomba alipomtoa alisema, "Ulichelewa, mpwa wangu. Au lilikuwa kubwa, hatukuliona vizuri." Mpaka leo hakuna aliyekubali kwamba mwito ndio uliokuwa na kosa.

Basi akaandika:

"Addi, sikuandikii kuhusu shule. Nakuandikia kuhusu mawe. Soma polepole.

"Jiwe kubwa na jiwe dogo yakiachwa pamoja yanafika pamoja. Najua utacheka. Utasema kubwa linavutwa na ardhi kwa nguvu zaidi. Ni kweli, linavutwa zaidi, ndiyo maana linakuelemea mkononi. Lakini jiwe kubwa ni gumu pia kulitia mwendo. Fikiria mkokoteni wenye magunia manne unavutwa na punda wanne, na mwingine wenye gunia moja unavutwa na punda mmoja. Punda wote wana nguvu sawa. Nani atatangulia? Hakuna. Mwenye punda wengi ana mzigo mwingi. Ndivyo jiwe lilivyo. Likizidi uzito mara nne, linavutwa mara nne, na linagoma mara nne.

"Kama bado huamini, chukua mawe madogo kumi yanayolingana, uyafikirie yanaanguka bega kwa bega. Yatakwenda sawa, hilo huwezi kulikataa. Sasa yagandishe kwa udongo yawe jiwe moja. Udongo huo utayaharakisha kwa sababu gani?

"Wazee wetu hawakuwa wajinga. Waliona vumbi linaelea na jani la mtende linashuka likiyumba, wakadhani kila chepesi kinafuata njia hiyo. Vumbi na jani vinazuiwa na hewa. Jiwe, hata likiwa dogo kama yai, hewa ya kisimani hailipunguzi kitu ambacho jicho lako lingekiona. Katika kisima chenye kina cha watu kumi na wawili, halimalizi hata sekunde tatu. Likifika kichwani kwako lina mwendo wa lori kwenye barabara ya lami. Kubwa litakuua na dogo litakuua. Tofauti ni kwamba kubwa wanakupigia kelele.

"Kwa hiyo ukisikia 'mvua,' fanya kama umesikia 'ukuta.' Acha jembe lianguke. Usimalize chochote.

"Jaribu mwenyewe. Tafuta kisima kikavu kisicho na mtu, uyaachie mawili kwa wakati mmoja, usikilize."

Kwenye karatasi ya pili aliandika mistari michache tu. Aliandika kwamba aliingia humo chini ili Addi asiingie, kwamba nafasi yake shuleni inaweza kuombwa tena, na kwamba anamsubiri. Alizikunja karatasi zote mbili pamoja, akampa mpeleka mkate wa kikosi.

Jibu halikuja. Mavuno yakapamba moto, magunia yakajaa mpaka uani. Yidir alipima na kuandika. Kila lori la kutoka Jorf liliposimama alitazama mlango wa nyuma, kama kuna kijana atashuka na mzigo wa nguo.

Aliyeshuka siku moja alikuwa mjomba Bassou, na magunia yake mawili.

"Amani juu yako, mpwa wangu. Bado umenuna?"

"Weka gunia, mjomba."

"Nitaweka. Kwanza nikusimulie." Bassou alikaa juu ya gunia lenyewe. "Barua yako, bwana! Addi alitusomea wakati wa chakula, tukacheka mpaka chai ikamwagika. Nikamwambia, kaka yako amepima tende mpaka akili imekuwa tende. Akaokota jiwe kama kichwa cha kondoo na jingine kama yai, akatupeleka kwenye kile kisima kilichokufa. Akayaachia."

"Mkasikia nini?"

"Mshindo mmoja." Bassou alikuna ndevu. "Nikasema ameyaachia vibaya, leta mimi. Nikaachia mimi. Mmoja tena. Kila mtu akajaribu, hata mpishi. Hakuna aliyecheka baada ya hapo. Sasa mwito wetu ni 'ukuta' peke yake. Atakayesema 'mvua' anaosha vyombo." Akashusha sauti. "Na wiki iliyopita lilichomoka dogo. Nilipiga kelele, Addi akaruka ukutani. Lilitoboa kapu lililokuwa miguuni pake. Kwa mwito wa zamani angekuwa ameinama juu ya kapu hilo."

Yidir alishika nguzo ya mizani. "Mjomba," akasema baadaye, "siku ile yangu ulisema nilichelewa."

Bassou alitazama magunia. "Nilisema."

Yidir alingoja.

"Na karatasi ya pili? Alisoma?"

"Hiyo hakutusomea. Aliitia mfukoni."

"Kuhusu shule alisema nini?"

"Ah, shule." Bassou alirudi kwenye uchangamfu wake. "Anasema kaka yake amemfundisha kuliko mwalimu yeyote, na bila ya kulala kwenye baridi ya bweni. Watu wanamheshimu sasa. Nimemwambia mwakani ataongoza watu wa chini. Mama yako naye amepata usingizi, anasema Yidir amekifanya kisima kiwe salama. Sasa huna sababu ya kununa."

Nyuma yao wakulima walianza kunung'unika kwamba foleni haisogei. Yidir aliona sasa mambo yalivyopangika. Mama alimficha, mjomba alimtumia Addi, naye Addi alimwandikia uongo kwa muhuri wa Rashidia, na yeye mwenyewe amewapa sababu ya kuendelea. Barua aliyoituma imtoe Addi kisimani ndiyo iliyomkalisha humo.

"Ondoka juu ya gunia, nipime," akasema.

Bassou aliinuka. Yidir alisoma uzito, akauandika sawasawa, bila kuongeza wala kupunguza. Mjomba hakuondoka.

"Addi ana ombi. Anataka umwandikie nyingine. Kuna kisima kimoja, taa ikishushwa inazimika yenyewe wakati mafuta yamo. Wazee wanasema ni majini wanaoizima. Yeye anasema wewe utajua. Ataingia Jumatatu."

"Mwambie sijui."

"Nitamwambia."

Bassou alichukua risiti yake, akaikunja, akaelekea kwenye lori. Alikuwa ameshafika mlangoni Yidir alipomwita.

"Mjomba. Taa inazimika juu au chini?"

"Chini kabisa. Usawa wa magoti. Ukiipandisha na kuiwasha upya, inawaka vizuri."

Yidir aliwaambia watu wa foleni wasubiri. Hewa mbaya inayozima taa ni nzito kuliko hewa nzuri, hulala chini kama maji. Anayeinama ndani yake hainuki tena. Alivuta karatasi, akaandika jina la Addi juu, na chini yake, "Jumatatu usiingie."