Bega Lililonyooshwa

Mtaani walimwita Mama Brashi, na ubishi wake ulijulikana kuliko kazi yake. Alianza na mabango ya saluni, akatimuliwa na mwenye saluni mmoja kwa kukataa kumpunguzia pua kwenye bango lake mwenyewe. Hakujuta hata chembe. Pua ni yako, alimwambia, ukiitaka ndogo kamwulize aliyekupa. Tangu hapo akachora watu tu, katika chumba kinachonuka tapentaini, ukuta kwa ukuta na fundi wa kuchomelea vyuma.

Basi siku moja akaingia muuza vipuri vya magari, mtoto wa kwanza kwao, mtu wa kutaka kila kitu kikae sawa. Alileta picha ambayo jirani yao aliwapiga kwa simu bila kuwaambia wajiandae. Wanne kwenye kochi: mama yao katikati, mdomo wazi kwa kicheko, pengo nje, dada wa kati kakunja mguu, kidevu juu ya ngumi, kitinda mimba kalaza shingo, na yeye pembeni, kajiachia, bega moja chini. Alitaka mchoro mkubwa wa kumpa mama. Macho ya mama yalikuwa yameingia ukungu, na sura ndogo za kwenye simu hakuziona tena. Mama aliomba jambo moja tu: wanawe wote ukutani, awaone kabla giza halijafunga.

Hapo sawa. Kisha mteja akaanza masharti. Mama afungwe mdomo, pengo ni aibu. Dada ashushe mguu. Kitinda mimba anyooshwe shingo. Wote watazame mbele kama watu wa heshima.

Mama Brashi alihisi damu inampanda. Akamweleza kwamba ukifunga mdomo unaocheka, mashavu yanashuka, macho yanafunguka, mikunjo inapotea, na anayebaki ni mwanamke mwingine aliyevaa nguo za mama yako. Tena kwa macho yale, mama hataona kope wala meno. Ataona umbo.

"Ndugu yako akija kwa mbali barabarani," alimwuliza, "unamjua kwa kope zake?"

Mteja akasema mwenye kazi ni yeye. Mama Brashi akamwonyesha mlango, kwa adabu zote. Walivutana mpaka chai ikapoa, wakapatana shingo upande.

"Wewe mwili ni wako, nitakunyoosha utakavyo," alisema Mama Brashi. "Hao watatu hawakunituma. Siwagusi."

Mteja akakubali haraka, akaagiza pia achorwe amevaa suti.

Mama Brashi akachapisha picha, akaipiga miraba, akapiga miraba hiyohiyo kwenye turubai la kuchorea, akahamisha mistari mraba kwa mraba. Kwanza miinamo ya vichwa na mabega, kisha vivuli kwa rangi moja ya kahawia, kabla ya jicho lolote. Simu ilikuwa imeshikwa karibu mno, goti la dada likatoka kubwa kama boga. Akamwita dada mwenyewe aje akae, akalirudisha kwenye ukubwa wake. Mara kwa mara aligeuza picha na turubai juu chini, maana jicho likishajua kwamba hii ni pua, linaacha kupima. Meno hakuyachora moja moja; alipaka weupe mmoja na pengo lake, basi. Na yule wa suti hakumfanyia hila. Uso ulikuwa wake kabisa, ila kichwa wima, mabega mstari mmoja, mikono mapajani. Roho ilimuuma kwa kila mpako.

Wakaja wote na mama yao. Bibi huyo akasimama hatua chache kutoka kwenye turubai, kisha akaanza kucheka kicheko kilekile.

"Huyu mimi. Huyu binti yangu na ngumi yake. Na hii shingo ya marehemu baba yenu, kitinda mimba huyu." Kidole chake kikafika pembeni, kikasita. "Na huyu mgeni mmemtoa wapi?"

Mtoto wa kwanza akainua mkono.

"Ni mimi, mama."

Bibi akasogea, akatazama tena, akatikisa kichwa. "Mwanangu hakai hivi. Huyu kaja kukagua nyumba."

Mama Brashi alikuwa na maneno mengi ya kumwambia yule bwana, ameyatunza tangu siku ya chai. Akayameza yote, akachukua kitambaa na kuanza kufuta meza isiyo na vumbi.

Muuza vipuri akavua koti. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya turubai, mgongo umenyooka kwa mazoea. Machozi yalikuwa yanamlenga.

"Haya," alisema, "nirudishe."

Mama Brashi akatwaa mkaa wa kuchorea, akamtazama juu mpaka chini.

"Kaa vibaya," akamwambia.